Stensili ya Magunia na Makasha: Kuchagua Fonti Yenye Madaraja na Kuikata kwa Mkono

Maswali yanayonifikia kuhusu stensili ni yale yale. Mmoja amekata neno KOROSHO vizuri, ameinua plastiki, na vitovu vyote vya O vimebaki mezani. Mwingine alikumbuka kuviacha vimeshikwa, lakini kwa vipande vyembamba mno, na baada ya magunia machache rangi ikaziba kila kitu. Wa tatu ndiye mwenye hasara kubwa: gunia lake limeandikwa 80, na mpokeaji amesoma 60.

Matatizo haya matatu yana chanzo kimoja, nacho ni daraja. Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuandika KOROSHO na chini yake 80 KG kwenye magunia ya juti, yale ya kahawia yenye nyuzi nene. Ukiiweza hiyo, salfeti na mbao ni rahisi zaidi, na nitaeleza mwishoni zinatofautiana wapi.

## Maneno matatu tutakayotumia

Kisiwa ni kipande cha plastiki kilichozungukwa pande zote na herufi, kama kitovu cha O au pembetatu iliyo ndani ya A. Ukikata mstari wa nje na wa ndani bila kuacha kitu, kisiwa kinaanguka.

Daraja ni ukanda mwembamba usiokatwa, unaokishika kisiwa kwenye plastiki nyingine. Kwenye gunia huonekana kama mwanya ndani ya herufi.

Ulimi ni kipande kirefu kilichoshikwa upande mmoja tu, kama nafasi zilizo kati ya mikono ya E au ndani ya mikunjo ya S. Hakianguki, kwa hiyo watu hukisahau. Lakini brashi ikipita hunyanyuka, rangi inaingia chini yake, na herufi inavimba. Kanuni ninayofuata ni kwamba ulimi wenye urefu unaozidi mara mbili ya upana wake unahitaji daraja, hata kama hakuna kisiwa.

## Vifaa

Karibu vyote vinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye maduka ya steshenari na ya rangi.

- Filamu ya eksirei ya zamani ya sentimita 35 kwa 43. Unene wake, karibu milimita 0.2, unakatika kwa mkono bila kuchanika ovyo. Ukiikosa, tumia kava gumu la plastiki angavu la kufungia ripoti, saizi ya A3.
- Jiki na glavu za mpira, kwa ajili ya kusafisha filamu.
- Kisu cha bledi chenye ncha kali, na bledi za akiba.
- Rula ya chuma. Ya plastiki italiwa na bledi.
- Kipande cha kioo kinene kilichofungwa tepu kwenye kingo.
- Maskintepu na selotepu pana.
- Brashi fupi yenye nywele ngumu, au sponji.
- Rangi nzito, kipande cha boksi, na gunia bovu la majaribio.

Filamu ikiwa na picha nyeusi, iloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mahali penye hewa. Baada ya dakika kadhaa weusi unalainika na kufutika kwa kitambaa, na plastiki angavu yenye ubluu kidogo inabaki. Suuza vizuri, kausha. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo hata kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Na filamu yenye jina la mgonjwa isitoke mikononi mwako kabla jina halijafutika.

## Hatua ya 1: Chagua fonti kwa kuangalia tarakimu

Watu wengi huchagua fonti kwa kuangalia jina la biashara yao limekaaje. Jina likisomeka vibaya kidogo, mpokeaji atalikisia. Tarakimu haikisiwi. Kwa hiyo fungua kompyuta, andika mstari huu katika kila fonti unayoifikiria, na uutazame kabla ya kitu kingine chochote:

```
3 6 8 9 0  B D O R S
```

Fonti za stensili za bure zipo Google Fonts. Tafuta `Allerta Stencil`, `Saira Stencil One` na `Stardos Stencil`. Kompyuta nyingi zenye Microsoft Office zina pia ile inayoitwa `Stencil`, yenye herufi kubwa peke yake.

Kwa gunia la juti mimi huziweka kando `Stencil` na `Stardos Stencil`. Ni nzuri kwenye bango, lakini herufi zake zina sehemu nene na sehemu nyembamba, na zile nyembamba hupotea kati ya nyuzi. Juti inataka herufi yenye unene unaokaribia kulingana kila mahali, isiyo na vikia kwenye ncha. Kwa kazi yetu nachukua `Allerta Stencil`.

Sasa iangalie 8, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote. Ina visiwa viwili, na kila mahali unapoweka daraja kuna hatari yake. Daraja likiwa upande wa juu kulia, 8 inafanana na 6. Likiwa chini kushoto, inafanana na 9. Ukiweka madaraja mapana upande wote wa kushoto, umepata 3. Mahali salama zaidi ni juu, kiunoni na chini, kwenye mstari wa katikati, ili nusu mbili zibaki sawa. Hata hapo nusu ya kulia peke yake ni 3, kwa hiyo rangi ikikosekana upande wa kushoto, kilo 80 zinageuka 30. Ndiyo maana madaraja ya 8 hayatakiwi kuwa mapana kuliko inavyolazimu.

Kisha iangalie 6. Ina mdomo wazi juu kulia, na mdomo huo ndio unaoitenga na 8. Mdomo uwe na upana wa angalau mara mbili ya daraja. Ukilingana na daraja, msomaji hawezi kujua kama anaona mdomo wa 6 au daraja la 8. Fonti isiyofaulu kipimo hiki iache, hata kama herufi zake zinapendeza.

Mwisho angalia B na D. Madaraja ya B yakikaa yote kando ya mguu wake wa wima, mguu unajitenga, na B inasomeka 13. D hujitenga hivyo hivyo. Fonti nzuri husogeza madaraja kuelekea katikati ya mikono ya juu na ya chini, au huyafanya membamba.

Utajua umefaulu ukichapa mstari ule kwenye karatasi, ukaubandika ukutani, ukarudi nyuma mita tano na kukodoa macho, na mtu asiyejua ulichoandika akausoma bila kusita.

## Hatua ya 2: Panga ukubwa kulingana na gunia lililojaa

Gunia tupu la kilo 80 lina uso mpana, lakini likijaa linavimba, na kingo za maandishi zinazunguka ubavuni. Uso unaoonekana vizuri ukiwa umesimama mbele yake ni sentimita 40 hivi. Neno lisizidi hapo.

Herufi kubwa ina urefu wa karibu asilimia 70 ya saizi ya fonti, na pointi moja ni milimita 0.353. Ukitaka herufi za sentimita 5, weka saizi 200. Kwa saizi hiyo KOROSHO, yenye herufi saba pana, inachukua kama sentimita 36 hadi 38. Inaingia kwenye karatasi ya A3 iliyolala, na inaingia kwenye filamu ya sentimita 43 huku ikiacha sentimita mbili na nusu au zaidi kila upande. 80 KG inakaa chini yake, sentimita 3 kutoka mstari wa kwanza.

Ukitamani herufi za sentimita 7, gawa neno kwenye filamu mbili. Usipunguze ukingo. Ukingo mwembamba hujikunja, na rangi ya brashi huruka nje yake na kuchafua gunia.

Kabla ya kuchapa, ongeza nafasi kati ya herufi. Plastiki iliyo kati ya R na O nayo ni daraja, tena refu. Kompyuta huzibananisha ili zipendeze kwenye karatasi, lakini wewe unahitaji angalau milimita 6. Waambie wa steshenari wachape kwa asilimia 100, bila kubana ili iingie kwenye ukurasa, kisha pima K kwa rula hapo hapo.

## Hatua ya 3: Rekebisha madaraja kwa penseli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika au hupona. Fonti ya kompyuta haijui utaipaka wapi. Madaraja yake huenda yametosha kwa karatasi na hayatoshi kwa juti.

Juti hunywa rangi na kuisambaza kando, takriban milimita moja kila upande wa mwanya. Daraja la milimita 3 kwenye plastiki linabaki na milimita moja kwenye gunia, na uzi mmoja ulionyanyuka unatosha kuliziba. Daraja la milimita 5 linabaki na 3, na hizo zinaonekana. Kwa hiyo kwa juti tunakwenda na 5. Usiende 7 au 8, kwa sababu kwenye herufi ya sentimita 5 zitaanza kuivunja vipande, na tatizo la 8 kugeuka 3 litarudi.

Chukua penseli na upake kivuli kila sehemu itakayokatwa. Kisha fuata kila kisiwa kwa kidole: je, unaweza kutoka ndani ya O hadi ukingo wa karatasi bila kugusa kivuli? Ukiweza, kisiwa kimeshikwa. Tafuta njia ya pili pia, kwa upande wa pili. Kisiwa chenye daraja moja hakianguki, lakini kinazunguka brashi inapokisukuma.

Kwa maneno yetu hali ni hivi. Kila O, pamoja na ile 0, inapata madaraja mawili, juu na chini. R inapata mawili kwenye tumbo lake. 8 inapata matatu kama tulivyoona. S haina kisiwa, lakini ina ndimi mbili. Zipime, na zikizidi kanuni ya mara mbili, weka daraja moja kwa kila ulimi. G ina ulimi mmoja chini ya mkono wake. K na H ziko salama.

Daraja jembamba usilinenepeshe upande mmoja tu. Ongeza milimita moja kushoto na moja kulia, ili herufi isipinde.

Utajua umefaulu ukilipima kila daraja kwa rula na kukuta linakaribia milimita 5, na hakuna kisiwa chenye njia moja peke yake.

## Hatua ya 4: Funga filamu juu ya karatasi

Laza karatasi juu ya kioo, filamu juu yake, na ubandike pande zote nne kwa maskintepu. Kwa kuwa filamu ni angavu, unaikata moja kwa moja bila kunakili. Kioo huiacha bledi iteleze vizuri kwenye mikunjo, ila huiondolea makali upesi. Badilisha bledi mara tu unapoona unaongeza nguvu ya mkono. Bledi butu ndiyo hukata vidole, kwa kuwa unaisukuma mpaka inachomoka.

## Hatua ya 5: Kata kwa mpangilio huu

Anza na sehemu ndogo, malizia na kubwa. Kadiri unavyokata ndivyo filamu inavyolegea. Tarakimu 8 na tumbo la R vikatwe filamu ikiwa bado imekaza. Miguu mirefu ya K na H iwe ya mwisho.

Kwenye mistari iliyonyooka, rula ikae upande unaobaki. Yaani ifunike daraja au ukingo, na bledi ipite upande wa kipande kitakachotupwa. Ukiteleza, utakata takataka.

Pita mara mbili kwa wepesi. Mara ya kwanza unachora njia, mara ya pili unatoboa.

Kwenye mkunjo, zungusha kioo na filamu, mkono ubaki ulipo. Mkunjo wa O unaokatwa kwa vipande vifupi vifupi hutoka na pembe pembe, na kwenye gunia pembe hizo zinaonekana kuliko ulivyotegemea.

Usipitilize kona za daraja. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kila daraja lina kona nne, na ukipitiliza kona kwa milimita moja umeweka ufa. Filamu itachanika kupitia hapo siku ya kazi, si leo. Njia salama ni kuanzia bledi kwenye kona na kukata ukiondoka nayo, kisha urudi uanzie kona ya upande wa pili, na mikato miwili ikutane katikati ya mstari.

Kipande kikikataa kutoka, usikivute. Kuna kona haijakatika. Igeuze filamu uangalie, uimalizie kwa ncha ya bledi.

Daraja likikatika kwa bahati mbaya, kazi haijapotea. Bandika selotepu mbele na nyuma, ibonyeze kwa ukucha, kisha kata upya umbo la daraja. Litadumu kwa magunia kadhaa, ila liangalie kila unaposafisha.

Utajua umefaulu ukiiinua filamu kwa kona moja na kuitikisa taratibu: visiwa vinatikisika pamoja na filamu, na hakuna kinachoning'inia.

## Hatua ya 6: Jaribu kwenye gunia bovu

Andika magunia yakiwa matupu, na uingize boksi ndani ili rangi isipenye upande wa pili. Kwa gunia la chakula jambo hili lina uzito zaidi, kwani rangi mbichi isiguse kilichomo. Acha ikauke kabisa kabla ya kujaza. Wakati wa masika, hewa ya Dar ikiwa nzito kwa unyevu, subiri hadi kesho yake.

Bandika stensili kwa tepu. Chovya ncha ya brashi, kisha igongegonge kwenye kipande cha boksi mpaka ikaribie kukauka. Piga juu-chini, brashi ikiwa wima. Ukiisugua kando unaisukuma rangi chini ya madaraja na ndimi. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito.

Ukiinua, soma tatizo kutoka kwenye alama yenyewe. Madaraja yakiwa yameziba lakini kingo za nje za herufi ni safi, madaraja ni membamba. Rudi hatua ya 3. Kingo zote zikiwa zimevimba, rangi ni nyingi au ni nyepesi mno, na stensili haina kosa. Upande mmoja ukiwa umevimba na mwingine safi, ulikuwa unasugua. Herufi moja tu ikiharibika, hasa S au G, kuna ulimi unaonyanyuka.

Pangusa upande wa nyuma kila baada ya magunia kumi hivi. Rangi ikikaukia pale inanenepesha filamu, haikai tena bapa, na madaraja yanaanza kuziba hata kama uliyapima sawasawa.

## Kinachobadilika kwenye salfeti na mbao

Salfeti hainywi rangi, kwa hiyo daraja la milimita 4 linatosha. Shida yake ni kushika. Rangi nyingi za kawaida hubanduka gunia linapokunjwa. Jaribu kabla ya kununua kopo kubwa: paka, acha hadi kesho, kunja mara kadhaa, kisha bandika selotepu na uivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, tafuta wino uliotengenezwa kwa ajili ya mifuko ya plastiki.

Kwenye kasha la mbao, daraja la milimita 3 linatosha kama ubao umepigwa randa. Panga mstari mzima ukae kwenye ubao mmoja. Mwanya kati ya mbao mbili ukipita katikati ya 8, unakuwa daraja ambalo hukulipanga.

Na kama kasha linasafirishwa nje ya nchi, utaona mbao nyingine zina muhuri wenye herufi IPPC na alama ya suke la ngano. Muhuri huo unathibitisha kwamba mbao imetibiwa dhidi ya wadudu, na hupigwa na walioidhinishwa peke yao. Usiukatie stensili, hata mteja akikuomba. Mkatie jina, uzito na namba ya kasha.

## Kuhifadhi

Safisha pande zote mbili kabla rangi haijakauka, kwa maji au kwa thina, kutegemea rangi uliyotumia. Thina itumie kidogo kwenye kitambaa. Laza stensili bapa kati ya vipande viwili vya boksi, mbali na jua. Usiikunje wala kuizungusha kama bomba, maana mkunjo hupita kwenye madaraja.

Kazi ikiwa ya mamia ya magunia kila msimu, filamu itachoka. Ichukue ile uliyokwisha kuijaribu, uwapelekee mafundi wa bati wa eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo, kama kielelezo, na uwaambie wafuate madaraja kama yalivyo. Bati likikatwa, soma 8 na 6 kwa mita tano kabla ya kulipa.